Watenganisheni watahini: barua ya wazi kuhusu mtihani wa mdomo

Tanga

Kwa Mwenyekiti wa Bodi ya Chuo,
Kwa Mkuu wa Chuo,
Kwa wajumbe wa Kamati ya Mitihani,

YAH: MTIHANI WA MDOMO WA WANAFUNZI WA UUGUZI NA UKUNGA

Waheshimiwa, tunawasalimu kwa heshima zote.

Tunaoandika ni wakufunzi na watahini tunaokaa katika vyumba vya mtihani wa mdomo kila muhula. Jambo hili tulilifikisha kwa mdomo kwenye kikao cha idara, kisha tukaliandika mara mbili na kulipeleka ofisi ya taaluma. Tulijibiwa kwamba limepokelewa, na mtihani uliofuata ukafanyika vilevile. Chuo hatukitaji jina hapa, maana nia yetu si kukichafua. Tunataka utaratibu ubadilike kabla ya kundi lingine kuingia vyumbani.

Kwa sasa mtihani unakwenda hivi. Watahiniwa ni 60 na watahini ni wanne. Wanne hao wanagawanywa katika majopo mawili ya wawili wawili. Kila mtahiniwa anaingia kwenye jopo moja kwa dakika 20 na kuulizwa kisa kimoja, au viwili kwa haraka. Akishatoka, watahini wawili wanatazamana, wanazungumza, wanaandika alama moja. Haya ndiyo yanayotutia wasiwasi.

1. Jopo la wawili linatupa hisia ya haki isiyokuwepo.

Wengi wetu tuliamini kwamba macho mawili yakimtazama mtahiniwa mmoja, upendeleo unapungua. Unapungua kidogo sana, kwa sababu wawili hao wanasikia kisa kilekile, jibu lilelile, kwa dakika zilezile. Tena wanapatana kabla ya kuandika, kwa hiyo ile alama mara nyingi ni ya yule mwenye cheo kikubwa au sauti nzito, na mwenzake ametia saini tu.

Udhaifu huu umejulikana tangu zamani. Mwaka 1935, Uingereza, Philip Hartog na E. C. Rhodes walichapisha matokeo ya majaribio ambamo majopo mawili yaliwahoji watu walewale 16. Aliyekuwa wa kwanza kwa jopo moja alikuwa wa 13 kwa jopo la pili, na wa kwanza wa jopo la pili alikuwa wa 11 kwa lile la kwanza. Wale hawakuwa watahini wazembe. Kila jopo lilikuwa na ukali wake na mambo yake linayoyapenda, na ndani ya chumba kimoja hakuna awezaye kuliona hilo.

Kuna sababu ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Umahiri wa mtu hauhami mzima mzima kutoka kisa kimoja kwenda kingine. Anayejua vizuri kumhudumia mama anayetokwa damu baada ya kujifungua anaweza kukwama kwenye mtoto mchanga asiyelia. Ukimpima kwa kisa kimoja umepima bahati yake ya kisa. Uchunguzi wa mitihani ya mdomo ya wanafunzi wa tiba ulionyesha kwamba saa moja ya maswali inatoa kipimo cha uthabiti cha karibu 0.5 kati ya 1, na kwamba hadi kukaribia 0.8, ambapo mtu anaweza kuamini uamuzi wa kufaulu au kufeli, panahitajika karibu saa nne. Sisi tunatumia dakika 20.

Hatuombi saa nne. Tunaomba watahini walewale wanne wakae vyumba vinne, kila mmoja peke yake na kisa chake kimoja, na watahiniwa wazunguke. Dakika nane za mazungumzo, dakika mbili za kuandika alama na kubadilisha chumba. Fanyeni hesabu pamoja nasi. Leo kila jopo linachukua watahiniwa 30 kwa dakika 20, yaani dakika 600, saa 10 zilizogawanywa siku mbili. Kwa utaratibu wa vyumba vinne, watahiniwa wanne wanamaliza mzunguko kwa dakika 40. Mizunguko 15 ni dakika 600 zilezile. Watahini ni walewale, siku ni zilezile, posho ni ileile. Lakini mtahiniwa ametoka kwenye kisa kimoja mpaka vinne, na kutoka alama moja iliyoandikwa kwa maafikiano mpaka alama nne ambazo hakuna aliyemnong'oneza mwenzake.

Kuna faida nyingine ambayo watu huiruka. Mtahini mkali leo anawaumiza watahiniwa 30 wa jopo lake na kuwaacha 30 wengine. Akikaa chumba chake peke yake, ukali wake unawafikia wote 60 sawasawa, hivyo haumshushi yeyote chini ya mwenzake. Mtihani wa vituo, ambao Ronald Harden aliuandika mwaka 1975 kutokana na kazi yake Dundee, Uskoti, umejengwa juu ya wazo hilihili la kuzunguka. Kwa vyuo vya afya si mgeni. Kwetu umewekwa kwenye mtihani wa vitendo, na ule wa mdomo ukaachwa nyuma.

2. Tunatoa alama kwa namna mtu anavyosema, si kwa anachosema.

Mwaka 1920 Edward Thorndike alionyesha jinsi maafisa wa jeshi waliompenda askari kwa sifa moja walivyompa alama za juu hata kwa sifa zisizohusiana nayo. Chumbani kwetu sifa hiyo moja huwa ni Kiingereza kinachotiririka. Ili isionekane tunasema hewani, tazameni majibu mawili tunayoyatumia kuwafundishia watahini wapya. Kisa ni cha mama aliyejifungua dakika 15 zilizopita, damu inatoka nyingi, mkunga yuko peke yake wodini.

Mtahiniwa wa kwanza anaanza kwa kutaja sababu nne za kutokwa damu bila kukosea: mji wa mimba uliolegea, majeraha, mabaki ya kondo la nyuma, na damu isiyoganda. Anaeleza kila moja kwa ufasaha. Dakika ya tatu inafika hajaugusa mji wa mimba. Wa pili anasita, anameza mate, anasema kwa sentensi fupi: nasugua tumbo mpaka mji wa mimba ukaze, natoa mkojo, nachoma oksitosini, nakagua kondo la nyuma kama limetoka lote, natafuta michubuko. Anasahau kuita msaada mpaka anakumbushwa. Dakika zilizobaki kila mmoja anaongeza hatua nyingine.

Bila mwongozo wa usahihishaji, wa kwanza anapewa alama ya juu karibu kila mara. Sasa wekeni mwongozo wa alama 20: kuita msaada huku mkono ukiendelea kusugua mji wa mimba, 4, kupima mapigo na shinikizo la damu, kuweka kanula kubwa mbili na kuchukua damu ya kupima kundi, 4, oksitosini kwa kipimo na njia sahihi, 3, kibofu, kondo la nyuma na majeraha, 5, asidi ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa tatu tangu kujifungua, 2, hatua inayofuata damu ikigoma kukoma, 2. Kwa vipengele hivyo kwa mfuatano, wa kwanza anapata 1, 4, 2, 2, 2, 0, yaani 11. Wa pili anapata 2, 3, 3, 5, 0, 1, yaani 14. Yule aliyesita ndiye ambaye mama angekuwa salama zaidi mikononi mwake.

Tunakiri kwamba mwongozo una hatari yake. Ukigawanywa vipande 30 vya nusu alama, unampa ushindi anayetaja kila kitu kama anayesoma orodha ya sokoni. Ndiyo maana tunapendekeza vipengele vitano hadi saba tu, na kipengele cha kwanza kiwe cha lipi linafanywa kwanza. Mwongozo uandikwe na atakayeusimamia pamoja na mwenzake mmoja, kisha ujaribiwe kwa wauguzi wawili wazoefu. Wazoefu wakishindwa kupata 16 kati ya 20, kasoro iko kwenye mwongozo.

Baada ya kujaza vipengele, mtahini aweke tiki moja pembeni: amefaulu wazi, yuko mpakani, au amefeli wazi. Wastani wa alama za waliowekwa mpakani ndio uwe alama ya kufaulu ya kisa hicho. Kwa njia hii kisa kigumu kinakuwa na mstari wa chini, kisa chepesi mstari wa juu, na ukali wa mtahini wa chumba hicho unajirekebisha wenyewe. Waliowekwa mpakani wakiwa watatu wanne tu, wastani wao usiaminiwe. Itumike alama ambayo kamati iliipanga kabla ya mtihani.

3. Anayetangulia anamharibia au kumtengenezea anayefuata.

Utafiti wa Peter Yeates na wenzake, uliochapishwa mwaka 2012, uliwagawa madaktari wanaotoa alama katika makundi mawili. Waliotazama kwanza madaktari wapya wazuri walimpa aliye mpakani alama ndogo kuliko waliotazama kwanza madaktari wapya dhaifu. Sisi tunawaita watahiniwa kwa alfabeti, muhula hadi muhula, hivyo mtu anakaa nyuma ya jirani yuleyule miaka mitatu. Ipigwe kura ya namba asubuhi ya mtihani. Karatasi ya mtahini iwe na namba peke yake, maana mji wetu ni mdogo. Jina la ukoo linatosha kumwambia mtahini huyu ni mtoto wa nani, anatoka Pangani au Lushoto, na anaswali wapi. Sura yake hatuwezi kuificha, lakini jina tunaweza.

4. Namna ya kuuliza haifanani.

Mtahiniwa mmoja anaambiwa "endelea" kwa tabasamu, mwingine anaulizwa "una uhakika?" kwa jicho kali. Swali hilo la pili tunaomba lipigwe marufuku. Aliyejibu sahihi analiacha jibu lake, kwa sababu amezoea kwamba mwalimu huuliza hivyo pale mtu anapokosea. Vishawishi viwe vitatu, viandikwe kwenye karatasi, visomwe kama vilivyo: "Endelea." "Kuna lingine?" "Ungeanza na lipi?" Jibu lililokuja baada ya kishawishi lizungushiwe duara, lipate nusu ya alama za kipengele chake.

Na kimya kiheshimiwe. Mary Budd Rowe, aliyechunguza madarasa ya sayansi Marekani na kuandika mwaka 1974, aligundua kwamba walimu wengi husubiri jibu kwa takriban sekunde moja tu. Waliposubiri sekunde tatu, majibu yakawa marefu na yenye hoja. Mtu anayefikiri kuhusu mgonjwa kwa Kiswahili na kujibu kwa Kiingereza anahitaji zaidi. Tunapendekeza sekunde 10 kabla ya kishawishi chochote, kwa saa ya ukutani. Mkishazijaribu mtaona ni ndefu kiasi gani kwa anayeuliza.

Hapo hapo kuhusu lugha: sehemu ya kisa ambayo muuguzi angezungumza na mgonjwa iulizwe na ijibiwe kwa Kiswahili, kwa sababu hakuna mama wa Ngamiani atakayeelezwa hali yake kwa Kiingereza. Sehemu ya kitaalamu ibaki kama mtaala unavyotaka, lakini anayesema "kondo la nyuma" apate alama ileile ya anayelitaja kwa Kiingereza. Lafudhi isipewe alama wala isinyimwe.

5. Hofu nyingi tunaitengeneza sisi wenyewe.

Leo watahiniwa wote 60 wanaitwa saa 1:30 asubuhi. Wa mwisho anaingia siku ya pili alasiri, baada ya kukaa barazani kwenye joto, akiwaona wenzake wakitoka wanalia na kusikiliza wanaosimulia swali. Tunamwita huyo mwoga, nasi ndio tuliomchosha. Kila mtu apewe saa yake ya kufika, dakika 30 kabla ya mzunguko wake. Wanaosubiri wakae chumba chenye feni na maji. Wanaotoka wapite mlango mwingine.

Mlangoni pa kila chumba iwepo kadi ya kisa, na dakika moja ya kuisoma itoke ndani ya zile mbili za kubadilisha. Swali la kwanza lijulikane tangu mwanzo wa muhula, nalo liwe lilelile kwa wote: "Umesoma kisa. Niambie unaona nini." Halina mtego, na mtu akishaisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, pumzi inarudi. Kiti cha mtahiniwa kiwe ubavuni mwa meza, si mbele ya meza ndefu kama mshitakiwa. Wiki mbili kabla, kila mwanafunzi afanye zoezi la visa viwili kwa karatasi hizihizi, na mtahini wa zoezi asiwe yule atakayemtahini.

Akikwama kabisa, saa isimamishwe dakika moja, mara moja tu kwa chumba, anywe maji, kadi isomwe upya. Hapa watahini wengi huuliza watajuaje kama ni hofu au hajui. Mpe kalamu aandike hatua tatu za kwanza, au mwonyeshe kanula na katheta umwambie achague. Aliyeshikwa na hofu mkono wake huanza kujibu kabla ya mdomo. Asiyejua hubaki vilevile, na alama yake ni ya asiyejua. Hatuombi huruma kwenye alama. Lakini aliyeanguka chumba cha kwanza kwa woga aingie cha pili mbele ya mtu asiyejua kilichotokea. Kwenye jopo moja, dakika mbovu za mwanzo zinamfuata mpaka mwisho.

Waheshimiwa, tunajua majibu tutakayopewa.

Mtasema hakuna vyumba. Mtahini na mtahiniwa mmoja wanatosha kwenye pembe ya maabara ya stadi yenye pazia, mradi pembe zisisikilizane. Pembe mbili ndani ya maabara na ofisi mbili ni vituo vinne.

Mtasema mtahini akiwa peke yake ndipo atakapopendelea au kudai chochote. Hofu hii ni ya kweli, na hatuidharau. Ndiyo maana tunaomba kinasa sauti kwa kila chumba, kwa idhini ya mtahiniwa iliyoandikwa, na sauti zihifadhiwe mpaka muda wa rufaa uishe. Isitoshe, mmoja kati ya wanne ana robo tu ya alama. Wawili wa leo wana alama zote.

Mtasema maswali yatavuja siku ya pili. Yatavuja hata sasa. Andaeni visa vinane vya uzito unaokaribiana, vinne kwa siku. Hapo alama ya kufaulu ya kila siku ihesabiwe peke yake, maana makundi mawili hayakukutana na visa vilevile. Siku moja itakuwa na watahiniwa 28 na nyingine 32, kwa hiyo walio mpakani watakuwa wachache kwa kila kisa. Ndiyo maana ile alama ya akiba tuliyoitaja juu ipangwe mapema kwa visa vyote vinane.

Mtasema ndivyo tulivyofanyiwa sisi na tukawa wauguzi wazuri. Waliofelishwa kwa utaratibu huo hawapo ofisini kutoa ushahidi wao.

Basi tunachoomba ni haya. Mtihani ujao uendeshwe kwa vituo vinne kama tulivyoeleza. Watahini wakae nusu siku kabla ya mtihani, wasikilize majibu matatu yaliyorekodiwa, kila mmoja aandike alama yake kimya kimya, kisha karatasi zilinganishwe. Watakaotofautiana kwa zaidi ya alama 4 kati ya 20 kwenye jibu moja warudie mpaka waelewane juu ya mwongozo, si juu ya mtahiniwa. Alama ziandikwe kwa wino kabla mtahini hajazungumza na mtu yeyote.

Na ombi tunalolisisitiza kuliko yote: pasiwe na mwanafunzi wa kupewa sapu kwa dakika hizi 32 pekee. Hata vituo vinne ni vichache. Ambaye jumla yake iko karibu na mstari, juu au chini, kwa alama 8 kati ya 80, aitwe asubuhi ya siku ya tatu kwa visa vingine vinne, na uamuzi utokane na vyote vinane. Kila kundi la wanne litachukua dakika 40, kwa hiyo hata wakiwa 12 kazi inaisha ndani ya saa mbili. Mwanafunzi akirudia muhula, mzazi wake wa Korogwe au Muheza analipa ada upya.

Rasimu ya miongozo ya visa vinane, karatasi ya alama na ratiba ya mizunguko 15 tumeshaziandaa, na nakala zipo kwa katibu wa idara. Tuko tayari kuwafundisha watahini wenzetu bila posho. Tunaomba jibu la maandishi kabla ratiba ya mtihani haijabandikwa ubaoni, na kama kuna sehemu isiyowezekana, tuambiwe ni ipi na kwa nini.

Wenu katika kazi,

Wakufunzi na watahini wa mtihani wa mdomo,
Tanga

Nakala: Serikali ya wanafunzi; wawakilishi wa wazazi